"Huwa Napuliza Nikimaliza": Uongo Tunaouchomelea Ndani ya Paipu

Wiki jana nimeona video ya fundi akichomelea paipu ya shaba kwenye friji. Jointi imetoka safi, imezunguka kama pete, na kwa komenti watu wanamwaga makofi. Mimi nikatafuta kitu kimoja tu kwenye ile video: hosi ya nitrojeni. Hakuna. Nikauliza kwa heshima, "Mkubwa, na nitrojeni?" Akanijibu, "Tulia kijana, huwa napuliza nikimaliza."

Hilo jibu nalijua vizuri, kwa sababu nilikuwa nalitoa mimi mwenyewe. Limenigharimu, na zaidi ya yote limemgharimu mama mmoja anayeuza maziwa. Kwa hivyo leo sitatulia.

Wacha kwanza tuelewane kuhusu moto wenyewe. Ile rodi ya shaba na fosforasi tunayotumia haiyeyuki mpaka jointi ipite nyuzi 650 hivi, na mara nyingi unafika zaidi ya 700. Kwa joto hilo shaba na oksijeni haviwezi kukaa pamoja kwa amani. Hewa iliyo ndani ya paipu inashika shaba na kutengeneza oksaidi, gamba jeusi linalobandika ukutani kama ukoko wa ugali kwa sufuria. Nje ya paipu pia inakuwa nyeusi, lakini nje unapiga msasa, unapanguza, unapiga picha. Ndani hakuna mkono unaofika.

Kuna wale husema fosforasi iliyo kwenye rodi inasafisha. Ni kweli inasafisha, lakini pale tu rodi inapotiririka, kati ya paipu mbili. Sentimita kadhaa za paipu zilizo kando ya jointi, ambazo pia zimeiva nyekundu, haizigusi kabisa. Na gamba linaota hapo.

Sasa nitrojeni inafanya nini? Haina uchawi. Haisafishi chochote. Inachukua tu nafasi ya hewa ndani ya paipu, ili shaba ikiiva kusiwe na oksijeni ya kuungana nayo. Ukishaelewa hivyo, unaona mara moja kwa nini "napuliza nikimaliza" ni kujidanganya. Ukimaliza, gamba limeshazaliwa. Unapuliza vumbi lililolegea, unaona kidogo kimetoka, unafurahi. Lile lililobandika linabaki likingoja mafuta ya kompresa. Na mafuta ya mashine za R134a, yale ya aina ya esta, ni makali: yanalibandua polepole, siku baada ya siku, na kulisafirisha. Pampu ya vakyumu nayo haisaidii hapa. Vakyumu inatoa hewa na unyevu, haitoi magamba.

Ngoja niwape kisa cha yule mama.

Ilikuwa ATM ya maziwa kwenye estate moja Nairobi. Kompresa ilikuwa imekufa, na bosi niliyekuwa namfanyia kazi wakati huo akanituma nibadilishe. Nikauliza kuhusu mtungi wa nitrojeni. Akasema hiyo ni ya kazi kubwa za koldirumu, hii ni friji tu. Nikaenda na tochi na rodi. Nikachomelea paipu ya kurudi kwenye kompresa, ya kutoka, nikaweka draya mpya, nikaunganisha kapilari. Jointi zangu zilikuwa tamu, kusema ukweli. Nikavuta vakyumu, nikaweka gesi kwa mizani, maziwa yakapoa. Nikalipwa.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Maziwa hayapoi, mashine inanguruma usiku kucha, na asubuhi amemwaga tangi nzima. Kabla yangu alikuwa ameita fundi mwingine wa karibu, ambaye aliona geji iko chini, akasema gesi imepungua, akaongeza. Akalipwa na yeye.

Mimi nilipofunga geji, upande wa chini sindano ilikuwa imepita sifuri, inaingia kwenye vakyumu. Kwa R134a na tangi la maziwa la nyuzi 4 unatarajia karibu bar 1. Gesi pungufu inaweza kukudanganya hivyo, ndiyo. Lakini gesi ilikuwa imeongezwa na sindano haikupanda. Nikazima mashine nikangoja. Mashine nzima ikizimwa, pande mbili za kapilari husawazika ndani ya dakika chache. Hii ilikaa na kukaa, sindano ikitambaa kama inapanda Ngong. Nikashika draya: inapoingilia ni vuguvugu, inapotokea ni baridi na ina umande. Draya nzima inapaswa kuwa na joto moja. Ikiwa na tofauti unayoisikia kwa mkono, kuna kitu kimekwama humo na gesi inaanza kupanuka mahali si pake.

Nilijaribu pia kujitetea kwamba labda ni unyevu umeganda kuwa barafu kwenye kapilari. Hiyo hujulikana: ukipasha joto mwisho wa kapilari, gesi inapita tena, halafu inaganda tena. Nikapasha. Hakuna kitu.

Basi nikatoa gesi kwenye mtungi wa kukusanyia, nikakata draya. Kisha nikakata kipande cha paipu karibu na jointi yangu mwenyewe, ile tamu, nikaipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Ndani ilikuwa nyeusi ti. Nikaigonga juu ya karatasi nyeupe, vikaanguka vigamba vyembamba vyeusi. Tundu la kapilari kama ile halifiki hata milimita moja na nusu. Huhitaji vigamba vingi.

Na hapa watu wa "draya itashika" nisikizeni. Draya inashika kile kinachofika kwake, mpaka ijae, halafu yenyewe inakuwa ndiyo kizibo. Gamba lililozaliwa kwenye jointi ya draya na kapilari liko mbele ya kichujio tayari, halipiti tena kwake. Na gamba la jointi ya paipu ya kurudi linaingia moja kwa moja kwenye kompresa, linachanganyika na mafuta. Draya iko upande mwingine kabisa wa safari. Itashika nini?

Nilirudia kazi yote kwa pesa yangu, mara hii na nitrojeni ya kuazima, na nilifanya hivi.

Kabla ya kuwasha tochi nilijiuliza maswali mawili: gesi inaingilia wapi, na inatokea wapi baada ya kupita kwenye jointi. Kwa mashine ya kapilari hili swali ni muhimu, kwa sababu kapilari haitakubali nitrojeni ipite kwa kasi ya maana. Usilishe upande mmoja ukitegemea utasafisha mwingine. Upande wa juu niliuingizia kwenye mdomo wa sevisi kando ya kompresa, ikapita kondensa, ikatokea pale draya itakapokaa, pakiwa wazi. Kile kivali kidogo ndani ya mdomo wa sevisi nilikitoa kwanza, kwa sababu kinabana mtiririko na moto hukiharibu.

Nikaanza kwa kasi kidogo, sekunde kadhaa, kusukuma hewa nje. Paipu ya nusu inchi ya mita kumi haibebi hata lita moja na nusu ya hewa, kwa hivyo hii si kazi ya siku nzima. Halafu nikashusha mpaka karibu lita 2 kwa dakika. Kama huna kipimo cha mtiririko, lowesha mgongo wa mkono uweke kwenye tundu la kutokea: unataka pumzi ya mtoto aliyelala, si feni. Ukiwa na presha ndani, gesi itatafuta njia kwenye jointi yenyewe, itasukuma rodi iliyoyeyuka, na utabaki na vitundu vidogo vinavyovuja. Halafu utasema nitrojeni ndiyo mbaya.

Tundu la kutokea halifungwi. Jointi ya mwisho, ya kapilari na draya, ndiyo ngumu, maana gesi inatokea kwa kapilari tu na mtiririko ni mdogo sana. Hapo nilifungua mdomo wa sevisi wa upande wa chini ili gesi isikwame, nikashusha regyuleta kabisa, na nikachoma haraka. Na baada ya kila jointi nitrojeni inaendelea mpaka shaba ipoe. Paipu nyekundu bado ina njaa ya oksijeni hata kama tochi umeizima.

Nikapasua tena kipande cha majaribio. Ndani kilikuwa na rangi ya shaba ile ile kilivyotoka dukani.

Sasa ile ya "nitrojeni ni bei, mtungi ni mzito". Chukua mtungi mdogo wa lita 5 uliojazwa bar 150. Ukiuachilia wote unatoa karibu lita 750 za gesi. Jointi moja ya dakika tano, pamoja na kupoa, kwa lita 2 kwa dakika, ni lita 10. Jointi sita ni 60. Ongeza za kusukuma hewa mwanzo, bado hujafika 100. Utatumia zaidi kupima kama kuna uvujaji kuliko kuchomelea. Ukiniambia hiyo ni ghali, niambie pia bei ya kompresa ya pili, na nani analipa. Kwa kisa changu bosi alimwambia mteja kwamba maziwa yake ndiyo yaliharibu mashine. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sijasahau uso wa yule mama.

Na kwa wale wenye akili za njia ya mkato: usipeleke oksijeni ndani ya paipu eti "gesi ni gesi". Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Usitumie gesi ya friji yenyewe pia, ikipigwa na moto inatoa asidi na moshi wa sumu. Mtungi wa nitrojeni haufungwi kwa hosi bila regyuleta, na kama kibanda ni kidogo fungua mlango, kwa sababu nitrojeni haina harufu na haikuonyi.

Nilimwandikia tena yule fundi wa video. Sikumtukana. Nilimwambia achukue kipande kilichobaki cha ile paipu yake, akipasue kwa urefu, aweke picha. Amesoma. Hajajibu. Nyinyi mnaochomelea wiki hii, fanyeni hivyo na vipande vyenu na mnitumie, nitaweka zote hapa, zangu za kwanza zikiwemo.