616 si pasipoti ya karanga

Karanga zililimwa Morogoro, zikakaangwa Morogoro, zikasagwa na kutiwa kwenye chupa Morogoro. Mwezi uliopita mnunuzi wa duka moja kubwa la Dar es Salaam alizikataa kwa sababu si za Tanzania. Aliomba picha ya lebo kwa simu, akaikuza, akasoma namba zilizo chini ya ile milia myeusi, akaona zinaanza na 616. Akamjibu dada mwenye kiwanda kwa sentensi moja: 616 ni Kenya, lebo inasema Tanzania, basi lebo inadanganya. Sasa duka hilo limeufanya huo kuwa utaratibu. Msimbomilia usioanza na 620, na lebo inadai Tanzania, mzigo haupokelewi.

Ni utaratibu wa kijinga, nao unawaumiza wale wale unaodai kuwalinda.

Nianze na kile ambacho mnunuzi yule alikifanya vizuri, maana kipo. Alihakiki hesabu. Msimbo wa kawaida wa bidhaa una tarakimu 13, na ya mwisho haimtambulishi mtu wala kitu, bali inapatikana kwa kuzikokotoa zile 12 za mwanzo. Tuchukue namba ya mfano tu, 6161234567890. Ukianzia kushoto, jumlisha tarakimu zilizokaa nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6, 6, 2, 4, 6 na 8, unapata 32. Jumlisha za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 1, 1, 3, 5, 7 na 9, unapata 26. Hiyo 26 izidishe kwa 3, iwe 78. Sasa 32 na 78 ni 110. Tarakimu ya mwisho ni ile inayohitajika kuifikisha jumla kwenye kumi kamili. Kwa kuwa 110 imeshafika, ya mwisho ni 0.

Kwa anayesoma namba kwenye picha, hesabu hii ni msaada mkubwa. Chupa ni ya mviringo, mwanga unameta, simu imetikisika, na 3 inaonekana kama 8. Ukiisoma ile 3 ya mfano wetu kuwa 8, jumla inakuwa 125, ya mwisho ingepaswa kuwa 5, na mara moja unajua umesoma vibaya. Kosa jingine la kawaida ni picha kukatwa upande wa kushoto. Tarakimu ya kwanza huchapwa nje ya milia kwa sababu haina milia yake yenyewe. Mashine huitambua kwa namna tarakimu sita zinazoifuata zilivyochorwa. Jicho la mtu halioni hilo, kwa hiyo picha ikiikata, mtu anabaki na tarakimu 12 na kudhani ni namba kamili ya Kimarekani. Hesabu humuumbua hapo pia, isipokuwa tarakimu iliyokatwa ni sifuri.

Lakini kukokotoa si kuapa. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5 zikibadilishana nafasi, hesabu haistuki. Andika 661 badala ya 616 katika mfano wetu, jumla inakuwa 120, na sifuri ya mwisho inakaa pale pale kwa raha zake. Na mtu anayeghushi bidhaa hahitaji hata bahati hiyo. Ananakili msimbo wa bidhaa halisi kama ulivyo, nao unapita mtihani kwa sababu ni sahihi. Hesabu inakuambia umesoma sawasawa, au mchapaji amechapa sawasawa. Zaidi ya hapo haina neno.

Tuje kwenye 616 yenyewe, ambako ndiko mambo yalikoharibika. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha ni ofisi ipi ya shirika la GS1 iliyompa mwenye bidhaa namba zake. Ofisi ya Kenya hutoa 616, ya Tanzania 620, ya Afrika Kusini 600 na 601, za Ujerumani zinaanzia 400 hadi 440. Hazisemi karanga zimeota wapi, wala kiwanda kiko wapi. GS1 wenyewe wanasema wazi kwamba tarakimu hizo si uthibitisho wa nchi bidhaa ilikotengenezwa. Kampuni inaweza kujiandikisha katika nchi moja na kutengeneza bidhaa katika nyingine tatu, zote kwa namba za ofisi ile ile.

Na yule dada? Biashara ni ya baba yake, aliyeianza kabla ya 2011, mwaka ambao ofisi ya GS1 Tanzania ilianza kazi. Mzee alitaka kuuza kwenye maduka yenye mashine za kusoma milia, na njia ya karibu ilikuwa Nairobi. Alilipia namba zake kihalali. Leo binti anaambiwa kwamba risiti ya baba yake ndiyo uraia wa karanga zake.

Ukiufuata utaratibu huu hadi mwisho utaona unapotupeleka. Kahawa ya Kilimanjaro ikinunuliwa mbichi, ikakaangwa na kufungashwa na kampuni ya Ujerumani, pakiti itaanza na 4. Je, buni ilichumwa Bavaria? Geuza upande wa pili: mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye namba za 620 akiagiza biskuti kutoka nje na kuzifungasha kwa jina lake, msimbo utaanza na 620. Kwa mnunuzi wetu, hizo ni biskuti za nyumbani! Utaratibu unamfukuza mkulima wa Morogoro na kumpigia saluti mwagizaji. Nyama inayopimwa na kubandikwa lebo pale pale dukani huanza na 2, tarakimu zilizotengwa kwa matumizi ya ndani ya maduka, hazina nchi kabisa. Na kitabu kilichoandikwa na kuchapwa hapa nchini kinaanza na 978, kama vitabu vya dunia nzima. Alama ya Tanzania, 9976 au 9987, huja baada ya hapo. Duka lile lina rafu ya vitabu. Sijasikia kama wameshaiondoa.

Watetezi wanasema bidhaa bandia ni nyingi na mnunuzi anahitaji kipimo cha haraka. Bandia zipo kweli, lakini kipimo cha haraka kinachopima kitu kingine ni bure. Wanasema pia kwamba 620 ni uzalendo. Sawa, na anayeanza biashara leo achukue namba hapa hapa. Hilo halimfanyi aliyechukua kwingine kuwa mwongo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba njia iliyo bora haichukui hata dakika mbili. GS1 wana ukurasa wa mtandaoni uitwao Verified by GS1. Unaandika namba nzima, unaonyeshwa kampuni iliyopewa. Ukikuta jina la kampuni nyingine kabisa, hapo una swali halali la kuuliza. Huenda namba imeibwa, au imenunuliwa kwa wachuuzi wanaouza mtandaoni namba za zamani za Kimarekani zinazoanza na sifuri. Ukikuta jina la mwenye lebo, umemaliza kazi ya msimbo. Asili ya karanga itafute kwenye anwani ya kiwanda, kwenye cheti cha TBS na kwenye stakabadhi za manunuzi ya karanga zenyewe.

Dada alituma vyote hivyo. Alijibiwa kwamba atume picha nyingine ya lebo, yenye msimbo unaoanza na 620.