Kwenye mstari wa michezo, mwalimu aandike nini?

Ripoti ya muhula ikifika nyumbani, macho ya mzazi hukimbilia hisabati na Kiingereza. Mstari wa michezo husomwa mwisho, kama unasomwa, na mara nyingi una neno moja tu: "Anajitahidi." Baba akiuliza anajitahidi katika nini, mtoto mwenyewe hajui. Na ukichungulia ripoti ya mtoto wa jirani, naye anajitahidi.

Kosa hilo halianzii siku ya kuandika. Mwalimu mwenye wanafunzi 48 akishika kalamu wiki ya mwisho, anawakumbuka watano wenye mbio na watatu watundu. Waliobaki ni majina tu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alilimaliza tatizo hilo kwa daftari dogo la mfukoni. Kila kipindi huchagua watoto sita wa kuwaangalia kwa makini, na kwa kila mmoja huandika jambo moja alilomwona akifanya. Kwa vipindi vinane darasa zima limepita. Kuruka kamba nako huhesabiwa kwa wote, mwanzo na mwisho wa muhula: mmoja akiruka, mwenzake anahesabu.

Nafasi ya maoni kwenye ripoti haizidi mistari miwili au mitatu. Inatosha kusema mtoto anaweza nini, bado kipi, na afanye nini likizo.

Chukua mtoto asiye na kipaji lakini hakosi kipindi. Kumwandikia kwamba ni hodari ni kumdanganya, na yeye ndiye wa kwanza kujua, maana timu zikichaguliwa hubaki wa mwisho. Daftari lina maneno bora zaidi: "Alianza muhula akiruka kamba mara 6 bila kukosea, sasa anafika 22. Kudaka mpira bado ni kugumu kwa sababu hufumba macho unapomfikia. Likizo arushiane mpira laini na mtu wa nyumbani kwa hatua tatu, kisha wasogee mbali kidogo kidogo." Hapo mama ana la kufanya jioni, na mtoto amepimwa kwa alikotoka yeye mwenyewe.

Mwenye kipaji na uvivu ndiye huwapa walimu kigugumizi. Akisifiwa tu, ataendelea kusimama chini ya mwembe wenzake wakipasha mwili. Akiandikwa "mvivu", baba atalishika neno hilo na fimbo. Afadhali kuandika kinachoonekana: "Ana kasi nzuri na hupokea kijiti bila kupunguza mbio. Mazoezi ya kupasha mwili huyakwepa. Muhula ujao aanze pamoja na wenzake tangu dakika ya kwanza." Tabia imetajwa, wala hajabandikwa jina.

Wale wa katikati husahaulika zaidi, kumbe kwao jambo moja dogo latosha. Msichana anayecheza netiboli vizuri lakini akidaka mpira huburuta mguu aliotua nao, aambiwe hivyo hivyo: afanye mazoezi ya kudaka na kusimama papo hapo.

Maneno kuhusu unene, wembamba au umbo la mtoto hayana kazi kwenye ripoti. Mwalimu anafundisha kukimbia na kudaka, hapimi kilo.

Kuna muhula mwalimu yule wa daftari alikuwa karibu kuandika "hashiriki" kwa msichana wa darasa la sita. Kabla ya kuandika alifungua kurasa za nyuma. Jumatatu msichana alikuwa anacheza vizuri tu, Alhamisi amekaa pembeni karibu wiki zote. Mwalimu alikwisha kudhani ni siku zake, lakini hizo hazifuati Alhamisi. Akamwita pembeni, mbali na wenzake, akamuuliza taratibu. Raba zilikuwa jozi moja nyumbani, na Alhamisi kaka yake wa darasa la saba naye ana michezo.

Sasa aandike nini? "Hashiriki" lingekuwa kweli nusu, na lingemletea mtoto adhabu kwa kosa lisilo lake. Kuandika habari ya raba nako ni kuianika familia kwenye karatasi itakayopita mikono mingi. Mwalimu aliandika: "Jumatatu hucheza kwa bidii na hurusha mpira kwa usahihi. Alhamisi hakupata mazoezi ya kutosha. Tutalipanga upya muhula ujao." La raba alimweleza mama yake ana kwa ana siku ya kuchukua ripoti, na akamwambia kwamba mazoezi ya Alhamisi yaliyo kwenye nyasi binti anaweza kuyafanya peku.