Intaneti ya setilaiti ikikwama: mnazi, mvua au foleni ya jioni?

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, Starlink ilianza kutoa huduma mwaka 2023. Kwa Tanzania, huduma ya aina hii lazima iwe na leseni ya TCRA. Lakini kwa yeyote anayewaza kufunga dishi pwani ya Mtwara, swali ni moja: spidi ikishuka, tatizo ni nini na linatibika?

Dalili hazifanani. Intaneti ikikatika sekunde chache, ikarudi, ikakatika tena mchana na usiku hata anga likiwa safi, kuna kitu kinakinga dishi. Setilaiti hizi hazisimami sehemu moja. Zinapita angani, na dishi linaruka kutoka moja hadi nyingine. Kila moja ikipita nyuma ya mnazi au mwembe, mawasiliano yanakatika.

Hili linatibika. Chukua dishi lililotazama juu, linalohitaji anga wazi kuanzia nyuzi 35 hivi kutoka upeo wa macho. Mnazi wa mita 15 karibu na paa la mita 4 unalizidi dishi kwa mita 11, kwa hiyo unatakiwa uwe mbali kama mita 16. Dishi likipandishwa mita 4 juu ya mlingoti, mita 10 zinatosha. Programu ya simu ya huduma hiyo huonyesha ramani ya anga na sehemu zilizozibwa. Ipime kabla ya kutoboa bati.

Mvua ni kesi nyingine. Msimu wa Mtwara, Desemba hadi Aprili, wingu zito likimwaga maji hunyonya mawimbi ya redio na huduma hudhoofika au kukatika, kisha hurudi mvua ikipungua. Hapo hakuna fundi wa kuita. Weka tu bando la simu la akiba.

Foleni ya jioni haikati, inapunguza spidi. Saa 1 hadi saa 5 usiku video inazunguka, alfajiri inapaa. Wateja wa eneo moja wanagawana uwezo uleule wa setilaiti, na mlingoti mrefu hauongezi chochote. Kenya iliona hilo Novemba 2024, Starlink iliposimamisha kupokea wateja wapya wa Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo ulijaa. Mauzo yalifunguliwa tena mwaka 2025.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, pima spidi ukiwa karibu na ruta saa 11 alfajiri na saa 3 usiku, siku 3 mfululizo. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya, hamishia upakuaji mkubwa usiku wa manane. Ikikatika saa zote mbili, panda juu ukaangalie mnazi. Dishi likionyesha liko sawa lakini chumbani ni pole pole, tatizo ni waifai ya ndani: sogeza ruta.