Kabla ya Kulipia Sanitaiza, Geuza Chupa

Ukiishika chupa ya sanitaiza dukani, igeuze kwanza. Mbele mara nyingi pameandikwa 99.9% kwa herufi kubwa, na wengi hudhani hicho ndicho kiwango cha alkoholi. Sicho. Hilo ni dai la mtengenezaji kuhusu vijidudu vinavyouawa. Unachokitaka kiko nyuma, kwa maandishi madogo: alkoholi isiyopungua 60%. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una ethanoli 80% au isopropanoli 75%. Wala alkoholi tupu si bora zaidi, kwani bila maji kidogo haiharibu vizuri protini za vijidudu.

Kisha tazama ni alkoholi gani. Iwe ethanoli au isopropanoli. Methanoli ni sumu: hupenya ngozi, na ikinywewa hupofusha, hata kuua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu sanitaiza nyingi zilizokutwa nayo, baadhi zikiwa na lebo ya ethanoli. Ikiwa chupa yenye lebo inaweza kudanganya, sembuse ile ya kupimiwa kutoka kwenye dumu?

Hebu tupige hesabu ya dumu hilo. Muuzaji ananunua lita 5 za sanitaiza ya 70%. Humo mna lita 3.5 za alkoholi. Anaongeza lita 2 za maji ili apate cha juu. Alkoholi ni ile ile, lakini sasa imo ndani ya takriban lita 7, yaani 50%. Bado inanukia, bado inapoza kiganja. Akitia kinachoifanya iwe jeli, itaonekana nzito na ya maana, ingawa uzito huo hauhusiani na alkoholi hata chembe.

Ukisugua kwa nusu dakika na mikono ikabaki majimaji, itilie shaka. Ila kukauka upesi si cheti, maana methanoli nayo hukauka upesi, na pua haiwezi kukuhakikishia ni ipi. Usijaribu kuiwasha moto pia. Mwali wake hauonekani vizuri, utaungua bure.

Kwa walio Kenya, alama ya ubora ya KEBS huwa na namba ya kibali chini yake. Tuma `SM#` ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, kisha linganisha jina la bidhaa utakalojibiwa na lililo kwenye chupa.

Nyumbani, usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo. Aliyeinywa akalalamika kuwa haoni vizuri, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Na ukikosa sanitaiza ya kuaminika, usinunue ya kupima. Nunua kipande cha sabuni, unawe kwa maji.