Rangi ya kijani si muwasho: tuulize kilicho chini ya dhahabu

Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunaziona seti nyingi za kidani, hereni na bangili zikiletwa kujaribiwa na gauni. Sasa tumechoka kusikia "hii mbaya, inatoa kijani" na "hii nzuri, haichujuki". Hukumu hiyo mara nyingi imegeuzwa juu chini.

Tuchukue mfano wa bibi harusi mmoja aliyevaa seti ya kupakwa dhahabu. Siku ya pili mkono ulikuwa na alama ya kijani palipokaa bangili, na masikio yakaanza kuwasha, yakawa mekundu na kutoa vipele. Bangili akaitupa. Hereni akaziweka, kwa sababu bado zinang'aa. Kwa maoni yetu alitupa kisicho na madhara, akabaki na kinachomuumiza.

Bangili ile ilikuwa shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Jasho lina chumvi, na likikutana na shaba nyekundu iliyomo hutoa ile rangi ya kijani. Joto la ukumbini, mafuta na manukato huizidisha. Ukinawa kwa sabuni inatoka, na ngozi haipati dhara. Hata fedha halali yenye alama ya 925 inaweza kuacha doa, kwa kuwa sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Ila fedha yenyewe hugeuka nyeusi.

Muwasho ni jambo jingine. Mara nyingi unaletwa na nikeli, madini meupe yanayong'aa. Mafundi wengi huipaka nikeli juu ya shaba kwanza, kisha ndiyo wakapaka dhahabu, ili shaba isipande juu na kuharibu rangi. Kwa hiyo pambo lisilochujuka upesi ndilo linaloweza kuwa na nikeli. Dhahabu ya juu ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na ikilika, nikeli inagusa ngozi. Mwenye aleji ya nikeli kwa kawaida hubaki nayo maisha yake yote, na kila akivaa tena, muwasho unarudi.

Basi utazameje? Geuza pambo, tazama ndani ya bangili, kwenye kifungo cha mkufu na kwenye kulabu ya hereni, panaposuguana. Ukiona njano iliyofifia au wekundu, chini kuna shaba. Ukiona weupe, inaweza kuwa nikeli au fedha, basi tafuta 925. Herufi GP maana yake ni kupakwa tu, hata kama mbele yake pameandikwa 18K. Sumaku ikivuta, ndani mna chuma au nikeli nyingi. Isipovuta bado hujapata jibu, maana dhahabu, fedha na shaba zote hazivutwi. Na alama hughushiwa, hivyo cha bei kubwa kipeleke kwa sonara.

Bibi harusi, usingoje siku yenyewe. Wiki mbili kabla, vaa hereni zile na bangili kwa saa chache, siku mbili mfululizo, kisha subiri siku tatu, kwa sababu aleji haiji papo hapo. Ukiwashwa, usivae. Wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kulabu. Inasaidia kwa muda, lakini inabanduka, na kwa sikio lililokwisha kuvimba haitoshi.

Na msisahau piko. Piko jeusi lililochanganywa na rangi ya nywele nalo huleta aleji kali. Tazama umbo la vipele: vikifuata maua ya mkononi, ni piko, na vikizunguka mahali pa bangili au tundu la sikio, lishuku pambo. Ngozi ikitoa maji au kuvimba, nenda hospitali.

Kwa wenzetu wauzaji, rai yetu ni moja. Kuuza cha kupakwa si aibu, na wengi wetu ndicho tunachokimudu. Aibu ni kunyamaza. Dini yetu inamtaka muuzaji aeleze kasoro ya bidhaa yake, na mteja haoni kilicho chini ya dhahabu. Mwambie kama ni shaba tupu au imetiwa nikeli. Kama hujui, muulize aliyekuuzia wewe kabla hujaiweka kabatini.

Nanyi wanunuzi, msiishie kuuliza "inachujuka?" Ulizeni "chini yake kuna nini?"