Kupunguza si Kuzuia: Mfasiri na Ujumbe wa Chanjo ya Malaria Homa Bay na Migori

Tarehe 13 Septemba 2019, Wizara ya Afya ya Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika Kaunti ya Homa Bay. Kenya ikawa nchi ya tatu, baada ya Malawi na Ghana, kuanza kutoa chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, kupitia kliniki za kawaida za watoto. Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizohusishwa katika mpango huo. Makala haya yanautazama mpango huo kwa jicho la mfasiri, na yanauliza swali moja: mfasiri wa bango au wa tangazo la redio ana uhuru kiasi gani wa kubadilisha toni ili imfae msikilizaji, na uhuru huo unakoma wapi? Sentensi za mfano zitakazotolewa zimetungwa kwa ajili ya mjadala. Hazikunukuliwa katika bango lolote.

Tuanze na kitenzi. Chanjo ya RTS,S si sawa na ile ya surua, ambayo humkinga vyema mtoto aliyeikamilisha. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwamo, yalionyesha mwaka 2015 kwamba, kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa kati ya miezi 5 na 17 wakapata dozi zote nne, visa takriban vinne kati ya kumi vya malaria viliepukwa katika kipindi cha miaka minne. Kwa malaria kali, ni kama visa vitatu kati ya kumi. Kwa hiyo chanjo inapunguza malaria, haiikomeshi.

Hata hivyo, kitenzi kinachomjia mfasiri haraka zaidi ni "kuzuia". Ni kifupi, kina nguvu, na kinapendeza juu ya bango: "Chanjo huzuia malaria." Kwa Kiswahili, kilichozuiwa hakipiti. Mlango uliozuiwa haupitiki nusu. Aidha, nomino "kinga" inazidisha ahadi hiyo, kwani msikilizaji wa Kiswahili anaisikia pamoja na ngao, kago na zindiko, yaani vitu ambavyo ama vinakinga ama havikingi. Mfasiri akitumia maneno hayo bila kuyawekea mpaka, hajabadilisha toni tu, amebadilisha dawa. Ameandika habari za chanjo ambayo haijatengenezwa.

Athari yake si ya kinadharia. Mtoto wa Ndhiwa au wa Nyatike huweza kuugua malaria zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mama aliyeambiwa kwamba malaria imezuiwa, kisha mwanawe akaugua wiki chache baadaye, ana haki ya kukata shauri kwamba alidanganywa. Huyo hatarudi kwa dozi inayofuata. Tena kuna hatari kwamba hataiamini hata chanjo ya surua, ambayo nchini Kenya mtoto huipata akiwa na umri wa miezi tisa, umri uleule uliopangiwa dozi ya tatu ya malaria. Kosa la kitenzi kimoja linaweza kuvuka likaingia katika ugonjwa mwingine.

Hata mfasiri anayejua kwamba chanjo inapunguza anaweza kuteleza katika kuhesabu. Sentensi "Watoto wanne kati ya kumi hawatapata malaria" inaonekana kuwa tafsiri rahisi ya matokeo yale, lakini ni kosa. Kilichohesabiwa katika utafiti ni visa, si watoto. Mtoto mmoja huweza kuwa na visa vingi. Sentensi iliyo sahihi ni hii: "Mahali ambapo watoto wangeugua malaria mara kumi, wakichanjwa wataugua kama mara sita." Sentensi hii haina istilahi hata moja ngumu, na kiasi chake hakijapungua wala kuongezeka. Mama aliyeisikia hatashangaa homa ikija. Tena ataelewa kwa nini bado anaambiwa alaze mtoto ndani ya neti ya mbu. Ifahamike kwamba kusema "neti ya mbu" ni muhimu katika fuo za Mbita na Muhuru, ambako neno "wavu" likitajwa peke yake humpeleka msikilizaji ziwani kuvua samaki.

Jambo la pili ni wakati. Ratiba iliyotumiwa Kenya katika mpango wa 2019 ilikuwa na dozi nne: mtoto akitimiza umri wa miezi 6, 7, 9 na 24. Bango lenye nafasi finyu huweza kuandikwa: "Chanjo hutolewa mwezi wa 6, wa 7 na wa 9." Msomaji yeyote wa Kiswahili anajua tatizo liko wapi. "Mwezi wa sita" ni Juni. "Miezi sita" ni umri. Lugha nyingine huenda ikavumilia ulegevu hapo. Kiswahili hakivumilii, kwa sababu kihusishi "wa" hugeuza idadi kuwa mpangilio. Ikumbukwe pia kwamba chanjo ilizinduliwa mwezi Septemba. Mama aliyesikia redioni, siku za uzinduzi, kwamba mtoto achanjwe "mwezi wa tisa" angeweza kumbeba mtoto wa umri wowote akaenda naye kliniki, akarudishwa. Mwenzake, aliyemzaa mtoto wake Januari, angeweza kumpatia dozi Juni akiwa na umri wa miezi mitano, au akasubiri Juni ya mwaka mwingine.

Kwa hiyo "mtoto akitimiza miezi sita" si suala la umaridadi wa sarufi bali ni sehemu ya dozi yenyewe. Kwenye redio, ambako msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena, ni afadhali mtangazaji apoteze sekunde mbili akisema "akiwa na umri wa miezi sita". Na kwa kuwa dozi ya nne katika ratiba hiyo ilikuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya ya tatu, wakati mama wengi wameshazoea kutofika kliniki, "miezi ishirini na minne" inafaa ifuatwe na "yaani akitimiza miaka miwili". Kuongeza maelezo hayo si kubadilisha ujumbe. Ni kuhakikisha umefika.

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni neno "majaribio". Mpango wa 2019 ulikuwa wa kuingiza chanjo kwa awamu, katika baadhi ya kaunti ndogo tu, huku nyingine zikiachwa kwanza ili matokeo yalinganishwe. Mfasiri akiandika "chanjo ya majaribio", msikilizaji ataelewa kwamba watoto wake wanafanyiwa jaribio la maabara. Hilo si kweli, kwa kuwa chanjo ilikwisha kupita majaribio yake makuu, Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kuikubali Julai 2015, na mamlaka za Kenya zikaidhinisha itumike katika maeneo yaliyoteuliwa. Hivyo basi, mfasiri anavutwa aandike "awamu ya kwanza", maneno matamu yasiyomtisha mtu.

Lakini je, maneno hayo yanasema yote? Majaribio ya awali yalikuwa yameacha maswali ya usalama, likiwamo la homa ya uti wa mgongo, na mojawapo ya madhumuni ya mpango wa 2019 lilikuwa kuyajibu. Mwaka 2020 jarida la tiba la BMJ lilichapisha ukosoaji wa wataalamu waliohoji iwapo wazazi walielezwa vya kutosha. Majibu yalipopatikana yalikuwa mema: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa mapana tarehe 6 Oktoba 2021, baada ya hatari zilizohofiwa kutoonekana. Hata hivyo, matokeo mema ya 2021 hayamhalalishii mfasiri wa 2019 kunyamaza. Tafsiri ya haki ingesema: "Chanjo hii imeidhinishwa. Kwa sasa inatolewa katika maeneo machache, na wataalamu wanaendelea kufuatilia usalama wake na faida zake." Toni ni tulivu, wala hakuna kilichofichwa.

Sentensi hiyo inatatua pia tatizo ambalo ni la redio peke yake. Bango hubaki ukutani lilipobandikwa. Sauti ya Radio Ramogi haisimami kwenye mpaka wa kaunti ndogo. Tangazo lisilotaja "maeneo machache" lingemfikisha mama kwenye kituo cha afya ambacho hakikupewa chanjo. Kwa hiyo maneno yaleyale yanayotosha ukutani huenda yasitoshe hewani.

Baada ya kusema hayo yote, uhuru wa mfasiri unabaki wapi? Ni mpana. Wizara huandika "wazazi wanahimizwa". Mfasiri anaweza kuandika "mlete mtoto". Hati inataja mama; mfasiri anayejua kwamba Homa Bay nyanya wengi wanalea wajukuu yatima ataandika "mlezi". Isebania, ambako Mjaluo, Mkuria na mgeni kutoka Sirari hukutana katika Kiswahili ambacho si lugha ya kwanza ya wengi wao, sentensi zitakuwa fupi na misamiati ya kawaida. Redioni, ilani inaweza kugeuzwa kuwa mazungumzo:

MAMA: Sista, akishachanjwa, neti ya mbu niitoe?
SISTA: Hapana, mama, ibaki palepale. Chanjo inapunguza malaria, haiimalizi.
MAMA: Na akipata homa?
SISTA: Mlete siku hiyohiyo apimwe. Halafu usisahau kitabu cha kliniki. Kuna dozi nne.

Hapa umbo lote limebadilika. Ilani imekuwa maongezi, nafsi ya tatu imekuwa ya pili, na swali la aibu limewekwa kinywani mwa mhusika ili msikilizaji asilazimike kuliuliza. Lakini kiasi, wakati na sharti vimebaki vilevile. Eugene Nida alifundisha kwamba tafsiri ipimwe kwa jinsi hadhira inavyoipokea. Katika matini za chanjo, mapokezi hayo ni matendo: nani ataletwa, lini, na mlezi atatarajia nini baadaye.

Maswali hayo matatu ndiyo kipimo kinachopendekezwa. Tafsiri isomwe mara moja tu kwa walezi wachache katika foleni ya kliniki, kisha waulizwe waeleze kwa maneno yao wenyewe. Akitokea hata mmoja anayejibu "Juni", au "hataugua tena", matini irudishwe mezani. Kipimo hiki ni cha lazima zaidi pale ambapo Kiswahili ni daraja tu, yaani matini inapotoka Kiingereza, ikapitia Kiswahili, ikaishia katika Kijaluo au Kikuria. Mtangazaji wa Kijaluo aliyekabidhiwa "kuzuia" atatafuta neno la kuzuia katika lugha yake, nalo ni "geng'o", na hatakuwa na njia ya kujua kwamba hati ya kwanza ilisema "kupunguza".

Tangu 2023 chanjo imefikishwa katika kaunti ndogo nyingine za ukanda wa Ziwa, na kazi hii ya kutafsiri imeongezeka. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotoka Rongo, Kendu Bay na Kehancha, wanaozijua lugha zote tatu. Itafaa zoezi la somo la tafsiri muhula ujao liwe tangazo la sekunde sitini, lisomwe kwa walezi wenyewe, na alama zitolewe kwa majibu yao.