Rangi ya rasta si adhabu ya weusi

Kuna maneno yanatembea sana hapa Kakuma, kwenye saluni za sokoni na hata nyumbani: eti msichana mweusi sana asiguse rasta ya rangi, itamchekesha. Yeye achukue nyeusi tu, basi. Sisi vijana wa kikundi tunasema hapana. Maneno hayo yanawanyima dada zetu raha yao, na tena si ya kweli.

Tuanze na hiyo nyeusi yenyewe. Ukisoma karatasi ya pakiti utaona namba. 1 ni nyeusi tititi. 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo. 2 ni kahawia nzito inayokaribia nyeusi. Wengi wetu tunachukua 1 bila kuuliza, kwa sababu tunajiona tuna nywele nyeusi. Kumbe nywele zetu nyingi si nyeusi hivyo, na jua na dawa ya kulainisha huzivuta kuelekea kahawia. Ndiyo maana ukitoka nje na namba 1, rasta zinang'aa kama zina bluu ndani, na mizizi yako inaonekana kama imechakaa. Mtu anajua mara moja si nywele zako. Kama unataka zionekane za asili, mara nyingi ni 1B, au 2 kama nywele zako zimeungua na jua.

Kupima ni rahisi. Mwombe muuzaji nyuzi chache, au omba msusi mabaki yake. Simama nje kwenye kivuli, si chini ya taa ya saluni, na usitegemee picha ya simu. Weka nyuzi juu ya mizizi yako ikiwa safi na haina mafuta, maana mafuta hufanya nywele zionekane nyeusi zaidi. Zikipotea ndani ya nywele zako, umepata. Wigi pia lipime hivyo, kwenye nywele za pembeni mwa uso, kwa sababu hapo ndipo linapokutana na nywele zako. Na usifikiri utarekebisha baadaye: rasta za plastiki hazishiki rangi ya kawaida ya nywele.

Sasa rangi kali. Kinachofanya rangi ionekane ni tofauti kati yake na ngozi. Ngozi nyeusi sana ikikutana na 613, ile ya manjano iliyopauka, uso unachorwa wazi kabisa. Ikikutana na 99J, ile ya zambarau-nyekundu, inatulia kivulini na kuwaka juani. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni dada mweupe-mweupe wa ngozi ya asali anayechukua 27, ambayo nayo ni ya asali. Rangi na ngozi zinafanana mno, uso unapotea. Kwake 33 au 99J ingemfaa zaidi. Mnaona? Ni kinyume cha yale tunayoambiwa.

Kinachoharibu rangi kali ni mizizi. Chukua mfano wa dada mweusi sana anayetaka 613 kichwa kizima. Akisukwa kwa fundo, manjano inakaa juu ya ngozi ya kichwa, halafu nywele zake nyeusi zinachomoza katikati ya kila rasta kama vijiti. Watu watasema rangi imemkataa. Si rangi, ni ususi. Asukwe bila fundo: msusi aanze na nywele zake mwenyewe, kisha aongeze rasta kidogo kidogo, ili weusi wa juu uonekane umekusudiwa. Au anunue ile iliyoandikwa T1B/613, yaani juu 1B, chini 613.

Na anayeogopa aanze kwa kuchanganya. Kama mtindo wake unakula pakiti 6, achukue 4 za 1B na 2 za 30, ile kahawia-nyekundu. Msusi avute nyuzi mbili za 1B kwa moja ya 30 na kuzichanganya kabla hajaanza kusuka, asichanganye huku anaendelea, la sivyo upande mmoja utatoka mwekundu kuliko mwingine. Nunua pakiti zote siku moja, kampuni moja, kwa sababu 30 ya huyu si lazima ifanane na 30 ya yule.

Ndugu zetu wa mashirika mnaoendesha mafunzo ya ususi, tunawaomba kitu kimoja. Mkinunua vifaa, msilete namba 1 peke yake. Mwanafunzi aliyejifunza kwa rangi moja akifungua kibanda chake sokoni hajui kulinganisha wala kuchanganya, na mteja akiharibikiwa atarudi na yale yale: "weusi wangu haufai rangi." Hapo atakuwa amepoteza pesa ya pakiti 6, na msusi amepoteza mteja.